Mikono ya mshonaji na kikwembe kinachocheza: senario tatu za tangazo moja

Tangazo lenyewe lilikuwa dogo. Mama mmoja mshonaji, mwenye meza yake Kadutu hapa Bukavu, alitaka video ya sekunde 30 ya kuwatumia watu kwenye simu. Alitaka waone mambo mawili: kwamba anajua kushona, na kwamba vikwembe vyake ni vizuri. Nilimwambia nitaitengeneza kwa modeli ya kuzalisha video, kwa sababu nilikuwa nimekwisha fanya hivyo kwa muuza sabuni na ikapendeza. Sikufikiria kwamba sabuni haina vidole wala maua.

Vidole vinavyofanya kazi na kitambaa chenye maua mengi madogo ndivyo vitu viwili vinavyoishinda modeli haraka kuliko vyote. Vidole huyeyuka, huongezeka, huingia ndani ya nguo na kutoka vikiwa vingine. Maua ya kitambaa hupepesa: hayatulii mahali pake, yanatambaa juu ya nguo kama mafuta juu ya maji. Niliandika senario ya tangazo hilo hilo mara tatu kabla ya kupata kitu cha kumwonyesha mama bila aibu. Naziweka hapa ubavu kwa ubavu, pamoja na kazi moja ambayo mwishoni niliiachia simu.

Kwanza, kwa nini vidole na maua

Modeli niliyotumia ni Wan 2.1, ambayo Alibaba waliitoa wazi mwaka 2025, kwa hiyo vipimo vyake vinajulikana. Kipande chake cha kawaida kina fremu 81, fremu 16 kwa sekunde, yaani sekunde tano na kidogo. Kwa ubora wa chini picha ina pikseli 832 kwa 480. Lakini modeli haichori pikseli hizo moja kwa moja. Inafanya kazi ndani ya picha iliyobanwa, ambamo kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 umekuwa kigae kimoja, na fremu nne nne zimekunjwa kuwa moja. Pikseli 832 kwa 480 zinakuwa vigae 104 kwa 60. Fremu 81 zinakuwa 21: ya kwanza inabaki peke yake, na 80 zinagawanywa kwa nne. Baadaye sehemu nyingine ya modeli inafungua vigae hivyo na kuvirudisha kuwa picha kamili.

Sasa chukua rula upime mkono. Mama akionekana kuanzia kiunoni hadi kichwani, urefu wa picha unabeba kama sentimita 80 za mwili wake, kwa hiyo kila sentimita inapata pikseli 6. Kidole chenye unene wa sentimita 1.7 kinapata pikseli 10, yaani kigae kimoja na robo. Kigae hubeba habari zaidi ya rangi moja, sawa, lakini bado umeipa modeli kigae kimoja na robo ili ioneshe kidole, kucha yake, kivuli chake na mpaka kati yake na kidole jirani. Tone la sentimita moja kwenye kikwembe linapata pikseli 6, hata kigae kimoja halijazi. Kila fremu inapofunguliwa, modeli inakisia upya tone liko wapi, na makisio ya fremu mbili zinazofuatana hayalingani. Huko ndiko kupepesa kunakotoka.

Sogeza kamera mpaka upana wote wa picha ubebe sentimita 40 tu, mikono miwili na kipande cha kitambaa. Sentimita moja sasa ina pikseli karibu 21, kidole kina 35, vigae vinne na zaidi. Tofauti inaonekana kwa macho. Tangu nilipofanya hesabu hii sijaandika tena tukio bila kujiuliza kitu muhimu kitapata vigae vingapi. Kikipata chini ya vitatu, nakisogeza karibu au nakitoa.

Kuna sababu ya pili, na hiyo haiponi kwa kusogea karibu. Modeli haijui kwamba mkono una mifupa. Imeona picha nyingi mno za mikono, na imejifunza mikono hufanana vipi kwa juu juu, haikujifunza kuhesabu. Kidole gumba kikipita chini ya kitambaa, hakuna mahali kinapohifadhiwa. Kinapopaswa kutokea tena, modeli inachora kidole chochote kinachofaa kuonekana hapo. Ndiyo maana makosa mengi ya mikono hutokea pale kidole kinapofichwa na kufichuliwa, na kushona ni kazi hiyo hiyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Senario ya kwanza: mikono mbele, kwa maneno matupu

Hii ndiyo senario ambayo kila mtu huandika mara ya kwanza, nami pia. Niliiandika kwa Kiswahili ili mama aielewe, kisha nikaigeuza Kiingereza kabla ya kuiingiza, kwa sababu modeli hii inaelewa zaidi Kiingereza na Kichina:

> Mwanamke wa miaka hamsini ameketi kwenye mashini ya kushona katika soko lenye watu wengi. Anasukuma kikwembe chenye maua chini ya sindano kwa vidole vyake, anakigeuza, anakata uzi kwa mkasi, kisha anaitazama kamera na kutabasamu. Kamera inamzunguka.

Nilizalisha vipande vinane kutokana na maneno hayo. Hakuna hata kimoja kilichopona. Katika kilicho bora, sekunde ya kwanza ilikuwa safi. Halafu gumba la mkono wa kulia likaingia chini ya kitambaa, na mahali pake pakatokea vidole viwili vyembamba. Mkasi haukuchukuliwa kutoka popote, uliota kutoka kiganjani. Sindano ilikuwa mbili, wakati mwingine tatu, zote zikiwa na ukungu.

Sindano hiyo inaeleza kitu. Chukua mashini ya kukanyaga inayoshona mishono 600 kwa dakika: ni mishono 10 kwa sekunde. Fremu nne zilizokunjwa pamoja ni robo ya sekunde, na ndani ya robo hiyo sindano imeshapanda na kushuka mara mbili na nusu. Hakuna namna modeli iushike mwendo huo, kwa hiyo inachora wastani wake, na wastani wa sindano inayopanda na kushuka ni ukungu. Kitu chochote kinachojirudia haraka hivyo kitakusaliti: mtu anayetwanga kwa kasi, ngoma, mabawa ya ndege.

Soma tena senario uhesabu makosa yangu. Kuna vitendo vitano katika sekunde tano. Mikono inagusa vitu vitatu. Nyuma kuna umati, na nyuso za mbali zina hali ile ile ya vidole: vigae vichache, kwa hiyo zinayeyuka. Kitambaa kina maua, na juu ya hayo kamera inazunguka, kwa hiyo kila ua linabadilisha mahali katika kila fremu hata kama nguo yenyewe imetulia. Kamera ikitulia, angalau yale yasiyosogea yana nafasi ya kubaki yalivyo.

Nilijaribu kuongeza maneno "mikono yenye vidole vitano, iliyo kamili". Haikusaidia, na kwa maoni yangu ilidhuru: ukitaja vidole, modeli inaleta vidole mbele zaidi. Kama programu yako ina sehemu ya kuandika usivyovitaka, viandike huko, si ndani ya maelezo yenyewe. Hata huko usitegemee muujiza. Unapunguza ubaya tu, huondoi sababu.

Senario hii ninaiweka kwa nani? Kwa mtu ambaye mikono katika video yake haifanyi kazi: imeshika ukingo wa meza, imekunjwa ngumi kwenye mpini wa mwavuli. Ngumi inavumilika kwa sababu vidole vyake havitengani. Mikono iliyosukana vidole, kama mtu anayesali, usiiguse kabisa.

Senario ya pili: kazi bila mikono

Hapa bado ni maneno matupu, lakini tukio limeandikwa ili mkono usihitajike. Badala ya kumwonyesha anayeshona, unaonyesha kinachoshonwa:

> Mashini ya kushona ya chuma cheusi, inaonekana kwa ubavu, karibu. Kitambaa cha buluu kisicho na maua kinateleza polepole na kuanguka mbele ya meza. Mwanga wa asubuhi unatoka mlango wa kushoto. Nyuma ni ukuta wa mbao, hauonekani wazi. Kamera imetulia.

Linganisha na ya kwanza. Kitendo ni kimoja na ni cha polepole. Kitambaa ni cha rangi moja. Umati umegeuzwa ukuta. Mwanga una upande wake, na hilo si pambo. Usipotaja mwanga unatoka wapi, vipande viwili vya tukio moja vitatoka na mwanga tofauti, na ukivipanga pamoja kwenye montaji picha itaruka kama taa ya jenereta inayokohoa. Huko nako watu hukuita kupepesa, ingawa chanzo chake ni kingine.

Kati ya vipande sita, vinne vilikuwa vizuri. Uzi kwenye kibiringo, gauni linaloyumba kwenye hanga, mvua kwenye mabati: vyote vya namna hii modeli inavitoa bila shida, na toleo dogo la Wan 2.1, lenye parameta bilioni 1.3, linatosha. Waundaji wake wanasema linahitaji gigabaiti 8.19 za kumbukumbu ya kadi ya picha. Ni kompyuta ambayo mtu wa hapa anaweza kuipata kwa rafiki anayecheza michezo ya video.

Nilimpelekea mama nikiwa na furaha. Akatazama mara mbili. "Mwanangu, hii mashini inashona yenyewe, mwenyewe amekufa?" Alikuwa na haki. Kitambaa kinachoteleza bila mtu kilionekana kama nyumba yenye mizimu. Kisha akaongeza neno ambalo lilibadilisha kazi yote: "Na hii kitambaa haiko ya kwangu. Watu watakuja kuiomba, nitawapa nini?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba kwenye kitambaa kupepesa ni tatizo la pili. La kwanza ni kwamba modeli inachora kikwembe kisichouzwa popote duniani. Hata kingetulia kama jiwe, bado ungekuwa unatangaza mali usiyo nayo. Kwa sabuni tatizo hilo nililificha kwa kubandika picha ya pakiti halisi mwishoni. Kwa mshonaji huwezi, kwa sababu bidhaa ndiyo nguo yenyewe na imejaza picha nzima.

Senario ya tatu: picha kwanza

Njia hii inaanza na picha halisi iliyopigwa kwa simu. Modeli inaichukua kama fremu ya kwanza na kuisogeza. Nguo ni ya mama, uso ni wake, mikono ni yake na vidole vimekwisha hesabiwa na Mungu. Maelezo yanabadilika pia: usirudie kuandika kilichomo pichani, andika mwendo tu.

> Upepo mdogo unainua pindo la gauni. Mwanamke anapumua, anageuza macho kuelekea mlangoni. Mikono imetulia juu ya meza. Kamera haisogei.

Gharama yake ni uzito. Toleo rasmi la Wan 2.1 la kuanzia picha lina parameta bilioni 14, si 1.3, kwa hiyo kwenye kompyuta ya kawaida utangoja sana au utakwama. Mimi nililipia seva ya kukodi kwa saa. Hapa Bukavu hiyo maana yake ni kupanga picha zote na maelezo yote kabla ya kufungua saa ya malipo, na kuomba umeme usikatike katikati.

Ubora wa kipande hiki una mteremko. Fremu ya kwanza ni kweli tupu, ya pili ni karibu kweli, na kadiri unavyoenda ndivyo modeli inavyojiongezea mambo. Katika vipande vyangu, sekunde mbili za kwanza zilikuwa salama karibu kila mara. Kwenye sekunde ya nne maua ya kikwembe yalikuwa yameanza kuungana mawili mawili. Kwa hiyo usitumie sekunde zote tano kwa kuwa umezilipia. Kata mapema.

Picha yenyewe ndiyo inayoamua mengi, na nilijifunza kwa kupoteza saa mbili za seva. Picha yangu ya kwanza niliipiga jioni ndani ya kibanda. Simu ilipandisha uwezo wake wa kuona gizani, na picha ikajaa chembechembe ambazo kwenye skrini ndogo sikuziona. Modeli ilizichukua kuwa sehemu ya dunia, ikazisogeza, na ukuta wote ukawa unachemka. Niliipiga upya saa nne asubuhi, mama akiwa kivulini karibu na mlango, uso kuelekea nje. Chembe zikaisha na kuchemka kukaisha.

Umbali nao una hesabu yake. Maua ya kikwembe chake yana upana wa sentimita 6 hivi, na yapo matone madogo kati yake. Nikimpiga picha mzima kwa kulaza simu, ua linapata pikseli 16 tu, vigae viwili. Nikiisimamisha picha, pikseli 480 kwa upana na 832 kwa urefu, na kumchukua kuanzia magotini kwenda juu, ua linapata pikseli 40 na zaidi, vigae vitano. Maua yalitulia. Matone bado yalipepesa kidogo, kwa hiyo nilimwomba avae kikwembe kingine, chenye maua makubwa na nafasi kati yake. Kata picha mwenyewe kwa vipimo hivyo kabla ya kuipandisha, la sivyo programu itakukatia na huenda ikachukua kichwa.

Mtu asigeuke. Picha haina mgongo wa gauni, kwa hiyo akigeuka modeli inaubuni, na tumerudi kwenye nguo isiyo ya kwake. Mkono usiinuke, kwa sababu hiyo hiyo: upande wa pili wa kiganja haumo pichani. Pumzi, macho, upepo, na kivuli kinachopita vinatosha kwa sekunde mbili.

Kabla ya kuamini macho yako

Kwenye simu kipande kinapita haraka na unakipenda. Usikiamini. Kwa ffmpeg, programu ya kuchakata video kwa kuandika amri, ninatengeneza kwanza karatasi moja ya picha 20, nne kwa kila sekunde, na kuhesabu vidole kwenye kila moja:

```
ffmpeg -i kipande.mp4 -vf "fps=4,scale=320:-1,tile=5x4" -frames:v 1 karatasi.png
```

Kwa kupepesa ninatazama tofauti kati ya fremu moja na inayofuata. Palipotulia panakuwa peusi, palipobadilika panang'aa:

```
ffmpeg -i kipande.mp4 -vf "format=gray,tblend=all_mode=difference" tofauti.mp4
```

Pindo linalopepea linapaswa kung'aa kwenye kingo zake. Kifua cha gauni kilichotulia kikiwa kinang'aa kote kama mchanga, maua yanacheza hata kama jicho lako limeshazoea. Picha nzima ikiwaka na kuzima kwa pamoja, hapo tatizo ni mwanga wa jumla, na hilo lina dawa ndogo: kichujio cha `deflicker` ndani ya ffmpeg kinasawazisha mwangaza wa fremu na fremu. Maua yanayotambaa hakiyagusi.

Kuna kupepesa kwa tatu ambako si kosa la modeli wala la senario. Simu inarekodi fremu 30 kwa sekunde, Wan inatoa 16. Ukivichanganya kwenye montaji moja, programu inalazimika kuonyesha karibu kila fremu ya Wan mara mbili na baadhi mara moja tu, na mwendo unakuwa wa kuchechemea. Niliteseka nalo siku nzima nikilaumu modeli. Dawa ni kukipunguza kasi kipande kidogo mpaka 15, ili kila fremu ionekane mara mbili kamili:

```
ffmpeg -r 15 -i kipande.mp4 -an kipande15.mp4
```

Kipande kinarefuka kutoka sekunde 5.06 hadi 5.4, hakuna anayegundua. Programu za kubuni fremu za katikati zinafanya kazi nzuri kwenye maji na mawingu, lakini kwenye mikono zinachanganya kidole na jirani yake, unapata vivuli vya vidole ulivyokwisha viepuka.

Na simu yenyewe

Kitendo cha mikono kushona nilikiachia simu. Ilichukua dakika kumi. Jambo moja tu la kuangalia: ndani ya kibanda kulikuwa na taa ya mrija, na umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Simu ikichagua kasi yake yenyewe, michirizi ya giza inapanda juu ya picha. Weka kasi ya kufunga lenzi 1/50 au 1/100, au kama simu haina hiyo, tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuchagua hezi 50. Au zima taa ufungue mlango.

Basi uchague ipi

Kama mteja anauza kitu ambacho mtu atakuja kukishika, na kazi yake ni ya mikono, usiandike tukio la mikono kwa modeli hata moja. Hiyo ni ya simu. Mshonaji, msusi, fundi wa saa, mama wa sambaza anayegeuza samaki kwenye karai: wateja wao wanaijua kazi, wataona kosa kabla yako.

Kama una picha nzuri ya mchana lakini mtu mwenyewe hapatikani tena, au unataka nguo iwe hai kidogo bila kumsumbua, chukua picha kwanza, na uilipie seva. Lakini hesabu sekunde mbili kwa kila picha, si tano. Tangazo la sekunde 30 lote kwa njia hiyo linataka picha 15, na ukifika hapo ni afadhali umrekodi tu.

Maneno matupu yabaki kwa vitu visivyo na vidole, visivyo na maua na visivyo na mwenyewe: mvua, moshi wa asubuhi, uzi, mwanga ukutani. Ni rahisi, ni haraka, na ikiharibika unafuta bila uchungu.

Tangazo la mama lilipangwa hivi: sekunde 4 za ziwa asubuhi, kwa maneno matupu, 7 za mikono kwenye mashini, simu, 2 za gauni na upepo, picha kwanza, 7 za mkasi ukipita kwenye kikwembe, simu, 2 za mama akigeuza macho, picha kwanza, 3 za mpwa wake akitembea na gauni, simu, na 5 za picha iliyosimama yenye namba ya simu. Namba niliiandika mwenyewe kwenye montaji, kwa sababu herufi na tarakimu modeli inazichezea kama inavyovichezea vidole. Kati ya sekunde 30, modeli ilibeba 8.

Kisha hizo 8 zikabaki 4. Mama alipotazama mwanzo aliuliza ziwa lile ni la wapi. Nikamwambia ni Kivu. Akacheka. Watu husema Bukavu ni mkono wa kijani uliotumbukizwa ziwani, na rasi zake tano ndizo vidole. Katika ziwa langu kulikuwa na rasi moja nene, na ya pili ilikuwa ikiota polepole kutoka majini kadiri kamera ilivyosogea. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilipanda kilimani na simu.